Sura Tatu Ndani ya Mtoto wa Meza

Mjomba wangu alikuwa anafasiri kitabu cha meno, na yeye mwenyewe kinywani alikuwa amebakiwa na manane. Siku ya kwanza nilipomtania hivyo alinitazama juu ya miwani, akasema, "Na wewe si ulikwenda kusomea stashahada? Mbona umerudi na nusu?" Ukitania watu wa nyumba ile ujue mapema kwamba jibu liko jikoni linachemka.

Nusu hiyo ndiyo iliyonifikisha kwake. Ada iliishiwa pumzi mwaka wa pili, chuo kikanitoa kwenye orodha kwa adabu zote, nami nikaenda kukaa kwa Mjomba na mkaza mjomba "kwa wiki mbili hivi". Nilikaa mwaka na ushei. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyapata dirishani.

Mjomba alifundisha shule ya msingi miaka thelathini, kisha akastaafu akawa mfasiri wa vitu ambavyo hakuna anayevitamani: vipeperushi vya dawa, maelekezo ya pampu, sheria za vyama vya akiba. Alifanyia kazi chumba cha mbele, kwenye meza iliyoegemezwa dirishani, na meza hiyo ilikuwa na mtoto mmoja, mwenye kufuli. Jicho la kulia la Mjomba nalo lilikuwa na mtoto. La kushoto lilikwishafunikwa kabisa miaka miwili nyuma. Mkaza mjomba, ambaye hawakujaliwa kuzaa naye, alizoea kuwaambia wageni: "Nyumba hii watoto wawili tu, mtoto wa meza na mtoto wa jicho, na wote wawili wanamla baba yao." Wageni walicheka. Yeye hakuwa anacheka.

Sasa nieleze huyo wa meza, maana ndiye aliyetuponza.

Mjomba alikuwa hakabidhi kazi ya moto. Akishamaliza kufasiri sura, aliichapisha kwenye kibanda cha kona, akaitia bahashani pamoja na flashi yake, akaandika juu ya bahasha tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, akaifungia kwenye mtoto wa meza. Siku arobaini. Sura ilale, na yeye aisahau. Siku ya arobaini aliitoa akaisoma kama imeandikwa na adui yake, mstari kwa mstari, kitabu cha asili mkono wa kushoto, chake mkono wa kulia. Hapo ndipo aliipeleka kwa wenyewe.

"Kwani ni maiti, mpaka tuihesabie arobaini?" nilimuuliza.

"Mpwa wangu, maiti haiwezi kumuua mtu," alisema. "Karatasi inaweza."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Mkaza mjomba ndiye aliyenipa kisa chake, siku moja tukianua nguo. Zamani, Mjomba alifasiri karatasi ya dawa ya kikohozi. Walikuwa wanamharakisha, akamaliza asubuhi akakabidhi mchana. Miezi mitatu baadaye aliiokota ile karatasi dukani, akaisoma tu kwa kupitisha muda, akakuta ameruka mstari. Mstari wenyewe ulikuwa huu: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe. Karatasi zilikwishasambazwa, masanduku na masanduku. Alikwenda kuwaambia, wakachapa mpya. Hakuna aliyekuja kulalamika, hakuna mtoto aliyetajwa. "Lakini hakuna aliyemwambia kwamba hakuna," mkaza mjomba alisema, akakunja shuka. "Ndiyo maana analaza."

Kitabu cha meno kilikuwa cha wahudumu wa zahanati: jinsi ya kukagua kinywa, kung'oa, kuzuia damu. Sura kumi na mbili. Mkataba ulikuwa rahisi kuliko mingi: bei moja kwa kila sura. Alipotia saini alipewa arubuni ya bei ya sura nne, ambayo ingekatwa kwenye hesabu ya mwisho. Arubuni hiyo ilikwishaliwa kitambo, sehemu yake na mimi.

Na daktari wa macho alikwishataja bei ya kumtoa huyo mtoto wa jicho la kulia. Mkaza mjomba aliigawanya kwa kidole juu ya meza, akasema: "Sura nne." Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu jicho lilikuwa na bei ya sura nne, na daktari alikuwa ameongeza neno moja: lisichelewe, maana huyu mzee ana ugonjwa mwingine nyuma ya huyo mtoto, na jicho likipitiliza, kumtoa itakuwa ni kazi bure.

Barua ilifika Jumatatu. Mjomba alinipa nimsomee, maana herufi zao zilikuwa ndogo kama chawa. Ofisi ya uchapaji ilikuwa inasitisha mkataba. Walimshukuru sana, na ukiona shukrani imetangulia barua, kaa chini kabla ya kuendelea. Ratiba yao ya kuchapa imebanwa, kasi ya kazi hairidhishi, wamempata mtu mwingine wa kumalizia. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, wanatoa notisi ya siku kumi na nne.

"Soma kifungu cha tisa," Mjomba alisema.

Nikatoa mkataba. Kifungu kilisema upande wowote unaweza kusitisha kwa notisi ya siku kumi na nne. Kwamba mfasiri atalipwa kila sura aliyoikabidhi kabla ya notisi kwisha na ikakubaliwa na mhakiki. Kwamba sura yenye kasoro itarudishwa mara moja tu, irekebishwe ndani ya siku saba. Kwamba sura iliyolipwa ni mali yao, isiyolipwa inabaki mali ya mfasiri.

Mkaza mjomba alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo begani. "Umekabidhi ngapi?"

"Sita. Zote zimekubaliwa."

"Toa nne za arubuni. Wanakudai au unawadai?"

"Nawadai mbili."

"Na humo?" Akaonyesha mtoto wa meza kwa kidevu.

"Tatu. Ya saba, ya nane, ya tisa."

Alihesabu mara moja tu, uso ukamfunguka. "Mbili na tatu ni tano. Baba, jicho limepatikana, na nauli juu. Zipeleke kesho."

Mjomba alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na vumbi. "Ya saba ina siku ishirini na mbili. Ya nane ina kumi na moja. Ya tisa nimeiweka juzi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo bado."

Jamani, nimeona watu wakigombana kwa kelele, na nimeona wale wawili. Wale wawili walikuwa wanagombana kwa kunyamaza. Siku tatu nzima chai iliwekwa mezani bila neno, kikombe kikaondolewa bila neno. Siku ya nne Mjomba aliniomba nimpigie simu mhariri wa mradi, mwanamke ambaye sisi nyumbani tulimwita Dada Tarehe, kwa kuwa hakuwahi kusema sentensi isiyo na tarehe ndani.

"Mwanangu," Mjomba alimwambia, "sura ya saba inakamilisha siku zake siku nne baada ya notisi yenu kwisha. Nipe siku nne tu. Hizo mbili nyingine nazisamehe."

"Mzee wangu, nakuheshimu, lakini notisi inakwisha tarehe tisa, mhakiki anahitaji wiki nzima, na tarehe kumi na tano naufunga mkataba wako, tarehe kumi na sita mwenzio anaanza. Una sura tayari?"

"Nimeimaliza. Haijawa tayari."

"Sasa iliyomalizika na iliyo tayari zina tofauti gani, mzee?"

Mjomba aliitazama simu kama vile yeye ndiye aliyeulizwa swali la darasa la kwanza akakosa. "Siku arobaini," akasema.

Mkaza mjomba alipomwambia azisome basi leo, asizilaze tena, alijibu kwamba jicho linalosoma kazi ya jana linasoma kilichomo kichwani, halisomi kilichomo kwenye karatasi. "Na jicho lenyewe hili," akaongeza, "hata hicho cha kichwani halikioni vizuri." Ulikuwa utani. Hakuna aliyeupokea.

Siku ya kumi na tatu ya notisi, Mjomba alikwenda kunyolewa. Mkaza mjomba alikwenda chumba cha mbele, akachomoa pini kwenye kilemba chake, akaiingiza kwenye kufuli la mtoto wa meza. Lilifunguka kama lilikuwa linamngoja. Akatoa bahasha tatu.

"Nisindikize," aliniambia. "Wewe unaujua mkataba, mimi najua njia."

Ningeweza kusema hapana. Niliwaza lile jicho, nikavaa viatu.

Ofisi ile ilikuwa ghorofa ya pili, ngazi zikinuka wino na choo. Mapokezi palikuwa na kaunta ya mbao, kengele isiyolia, na kijana wa muhuri aliyegonga karatasi zetu bila kuzitazama: IMEPOKELEWA, na tarehe. Mara tatu. Kila alipogonga, mkaza mjomba alishtuka kidogo mabega. Dada Tarehe alitoka chumbani kwake, mwembamba, na kalamu mbili nyweleni.

"Mama, kumbe mzee amekubali!"

"Amekubali," mkaza mjomba alisema.

Katika miaka yote niliyomjua, huo ndio uongo wake pekee niliousikia kwa masikio yangu. Njiani kurudi alinunua karanga, akanipa zote.

Mjomba alijua jioni ile ile. Aligusa kufuli, akavuta, mtoto wa meza akatoka mtupu. Alikaa. Mkaza mjomba alikuja mwenyewe akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa.

"Nimezipeleka. Nipige kama utanipiga."

"Nimewahi kukupiga?"

"Hapana."

"Basi usinifundishe uzeeni." Akamrudisha mtoto wa meza mahali pake. "Hata ya tisa?"

"Zote."

"Ya tisa ilikuwa na siku kumi na tano," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa habari za mtoto aliyetolewa hospitali kabla ya wakati.

Angeweza kuzifuata asubuhi yake. Hakuzifuata, na mkaza mjomba alilichukua hilo kuwa ni ridhaa. Mimi pia. Labda hata yeye, kwa muda huo mfupi, alilitaka lile jicho.

Mhakiki alikuwa daktari wa meno. Wiki moja baadaye tuliitwa sote watatu. Juu ya meza ya Dada Tarehe palikuwa na hati ya kufunga kazi, kurasa mbili, na karibu nayo zile bahasha tatu.

"Mzee, tarehe nane ulituletea tatu," alianza. "Ya saba imekubaliwa. Ya tisa imekubaliwa, daktari amekusifu. Ya nane imerudi na jambo dogo tu. Ukirekebisha kabla ya tarehe ishirini na mbili nakulipa zote tisa, toa arubuni ya nne, tano zako kamili. Hata sasa hivi unaweza kuandika hapa hapa, kalamu hii."

"Jambo gani?"

Alisoma kwenye karatasi ya mhakiki: "Ukurasa wa kumi na moja, kabla ya sindano ya ganzi. Umerukwa mstari: muulize kwanza kama ana ugonjwa wa moyo."

Mimi nilimtazama mkaza mjomba, naye aliitazama sakafu. Mjomba hakumtazama mtu. Alinyoosha mkono, akaipapasa meza mpaka akazipata zile bahasha, akaweka kiganja juu yake.

"Aliuona daktari," alisema.

"Aliuona, mzee, ndiyo kazi yake. Hakuna madhara. Andika tu."

"Na kasoro asiyoiona je?"

"Ipi?"

"Sijui. Ningeijua ningekwambia." Akakohoa. "Mwanangu, kwenye hati yako andika sura sita. Hizi tatu nazirudisha nyumbani."

Dada Tarehe aliweka kalamu chini. Nilimwonea huruma, na sikutarajia kumwonea huruma. "Mzee, mimi nina miaka tisa kwenye kiti hiki. Watu huja hapa kunipigia meza niwalipe ambazo hawajaandika. Wewe unataka nikupunguzie zilizopita?"

"Mkataba unasema isiyolipwa ni yangu."

"Unasema."

"Basi usizilipe."

"Baba." Ilikuwa sauti ya mkaza mjomba, ndogo, sijawahi kuisikia. "Baba, jicho."

"Nalijua jicho, mama. Ni la kwangu."

"Si la kwako peke yako! Nani atakayekushika mkono? Nani atakayekusomea hata hiyo mihuri?" Aligeuka kwa Dada Tarehe. "Mwanangu, usimsikilize, mlipe."

"Mama, siwezi. Kazi ni yake, saini ni yake." Alimgeukia Mjomba tena, akijaribu mlango mwingine. "Mzee, basi ile orodha yako ya istilahi, yale majina ya meno na vifaa uliyoyatunga. Anayekuja ataihitaji ili kitabu kisiwe na lugha mbili. Haimo kwenye mkataba. Naweza kuombea bei ya sura moja, labda."

Tatu, nilihesabu kichwani. Mbili na moja ni tatu. Robo ya jicho tungekopa.

Mjomba alitoa kwenye mfuko wa koti daftari lililokunjika pembe, akaliweka mezani. "Chukua. Hizo sita zikitoka na maneno haya na nyingine zikatoka na mengine, mhudumu atang'oa jino silo. Hilo haliuzwi."

Mkaza mjomba alitoka nje. Tulimsikia akishuka ngazi, hatua moja, moja, kama mtu aliyebeba ndoo.

Hati ilirekebishwa pale pale. Sura zilizokabidhiwa na kukubaliwa: sita. Arubuni: nne. Salio: mbili. Mfasiri hatadai zaidi, ofisi haitadai zaidi, sura ya saba, ya nane na ya tisa ni mali ya mfasiri. Dada Tarehe aliweka kidole mahali pa saini, Mjomba akakifuata kidole, akatia. Saini yake, iliyokuwa nzuri ya kialimu, ilitoka nje ya mstari ikaishia kwenye jina la mwenye ofisi.

Fedha za sura mbili zilikuja mwisho wa mwezi. Mkaza mjomba alizipeleka kwa daktari wa macho, akauliza kama anaweza kupewa nusu ya kazi. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila kucheka. Nami, ninayeijua nusu kuliko wote pale ndani, nilimmiminia chai. Daktari alimwandikia matone.

Siku zilitimia, na nikahisi Mjomba alikuwa anazihesabu kwa vidole. Ya tisa ilipofika arobaini yake aliniita chumba cha mbele, baada ya chakula cha mchana, dirisha wazi. Wakati huo jicho la kulia liliona dirisha tu, yaani mwanga na mahali mwanga unapoishia. Akatoa bahasha zote tatu.

"Soma. Kwanza chao, halafu changu. Mstari kwa mstari. Usiharakishe."

Tulisoma mchana wa siku nne. Lugha ya kile kitabu naitamka kama mtu anayetafuna kokoto, na alikuwa ananisahihisha bila hasira. Alisikiliza amefumba macho, kidole kikitembea juu ya meza, kikisimama kila penye nukta. Mkaza mjomba alikuwa nyuma yetu, akikunja nguo ambazo, naapa, alikuwa amezikunja jana yake. Ya saba, tukaimaliza. Ya nane, tukakuta ule mstari uliorukwa. Akaniamuru niuandike pembeni kwa kalamu nyekundu. Ya tisa, tukafika ukurasa wa mwisho, nukta ya mwisho.

"Umeruka popote?" aliniuliza.

"Sijaruka."

"Kuna kingine?"

"Hakuna, Mjomba. Ule mmoja tu."

Nyuma yetu shuka lilisimama hewani. "Kwa hiyo ya saba na ya tisa zilikuwa nzima," mkaza mjomba alisema.

"Zilikuwa nzima."

"Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo. Sasa ndiyo tunajua."

"Kujua huko tumekununua kwa jicho," alisema, akaendelea kukunja.

Mjomba alikusanya karatasi, akazigonga pembe mezani mpaka zikalingana, akazirudisha bahashani moja moja. Aliniomba kalamu. Juu ya kila bahasha, karibu na tarehe ya kutoka aliyoiandika mwenyewe alipokuwa bado anaona, aliandika kitu. Nilipochungulia, ilikuwa "imesomwa", herufi zikipanda juu ya zile za zamani. Akaziweka ndani ya mtoto wa meza, akamsukuma, akatafuta tundu la ufunguo.

Ufunguo uligonga mbao. Ukagonga tena. Mimi niliinuka nusu, nikaona mkaza mjomba ananikataza kwa macho, nikakaa. Ukagonga mara ya tatu. Ndipo mwenyewe aliweka nguo kitini, akaja, akakishika kile kiganja kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika, akakipeleka mpaka kwenye tundu, na akakingoja kigeuze ufunguo chenyewe.